Kumbukumbu ya SOAP: kila sentensi ya tabibu inakaa wapi

Matabibu wanaotutumia sauti zao hapa Mbeya baada ya kuona wagonjwa huongea kama mtu anayekumbuka: huanza na dawa, hurudi kwenye historia, kisha hutaja kipimo kilichosahaulika. Sisi huyapanga maneno hayo katika sehemu nne za mfumo uliotokana na kazi ya Dk. Lawrence Weed wa Marekani katika miaka ya 1960, yaani maelezo ya mgonjwa (S), yaliyochunguzwa na kupimwa (O), tathmini (A) na mpango (P).

Tuchukue mfano huu, tulioutunga ili tusiguse siri ya mgonjwa yeyote: “Mama wa miaka 46, anatoka Uyole, nimempa amoksilini, anakohoa siku nne, makohozi ya njano, anasema jana duka la dawa walimpima joto likawa 39, hapa nimepata 38.4, malaria hana, kipimo cha haraka hasi, ubavu wa kulia unamchoma akivuta pumzi, pafu la kulia chini nasikia milio, anapumua mara 24 kwa dakika, ni nimonia, arudi baada ya siku mbili, ana presha ila dawa aliacha.”

Makosa mengi hutokea pale mwandishi anapopanga kwa kuangalia habari inahusu nini, badala ya kujiuliza imejulikanaje. Joto limetajwa mara mbili, lakini 39 ni neno la mgonjwa, kwa hiyo linakwenda S pamoja na kikohozi, maumivu ya ubavu na presha aliyoacha kuitibu, ilhali 38.4 imepimwa na tabibu mwenyewe na inakaa O, pamoja na upumuaji na milio ya pafu. Maneno “malaria hana, kipimo hasi” hugawanywa: kipimo hasi ni O, na kauli kwamba hana malaria ni hukumu ya tabibu, hivyo huandikwa A kando ya nimonia. Amoksilini na siku ya kurudi ni P, ingawa dawa ilitajwa mwanzoni kabisa.

Linalotutaabisha zaidi ni lile ambalo halikusemwa. Hatuandiki kwamba pafu la kushoto ni zima, kwa sababu hakuna aliyetuambia kuwa limesikilizwa, na mstari kama huo unaweza kumpotosha atakayempokea mama huyu siku nyingine. Vilevile hatujazi kipimo cha amoksilini kwa mazoea, hata pale tunapodhani tunakijua. Nafasi hiyo huachwa wazi kwa alama, nasi humrudishia tabibu maswali matatu: dawa ni miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi, presha ilipimwa leo na ilisomekaje, na je, ameamua lolote kuhusu dawa alizoacha?

Tabibu akishajibu, husoma kumbukumbu yote na kuitia sahihi, ndipo inapoingia kwenye faili la mgonjwa.