Daftari lako la kijani, tafadhali

Shoga yangu,

Habari za likizo? Mtoto hajambo? Sisi wazima, ila stoo imegeuka darasa. Leja inastaafu! Kundi la kwanza tulifunzwa jana mfumo mpya. Kundi lako ni Jumanne ijayo, saa tatu hadi saa sita asubuhi, na nimeshakuandikisha. Usikose, asiyehudhuria hafunguliwi akaunti. Mambo ya kuazimana nywila yamekwisha, ingawa yule mzee wetu wa funguo tayari ameibandika yake ukutani.

Sasa nikuchekeshe. Kwenye zoezi nilipokea katoni 12 za karatasi, kila moja rimu 5. Nikaandika 12, sikutazama kisanduku cha kipimo, nacho kilikuwa kimeandikwa rimu. Baadaye nikataka kutoa rimu 15: salio halitoshi. Katoni zinanikodolea macho! Nikatafuta pa kufuta, hakuna. Inabidi uitengue hati ile ya mapokezi, kisha uingize upya 60, na zote zinabaki humo na jina lako na saa. Kufutafuta kwa kalamu nyekundu, kwaheri.

Lakini mimi nilibahatika, kosa langu lilijionyesha. Fikiria kinyume chake: zimekuja rimu 12, wewe umechagua katoni. Mfumo unaona 60, unakuruhusu kila kitu, na hujui mpaka siku ya kuhesabu, zimepungua 48 na wote wanakutazama wewe. Kwa hiyo kipimo kwanza, namba baadaye.

Jingine ni kwamba kitu kinaingizwa palepale kinapotoka. Zile vocha tulizokuwa tukizirundika hadi jioni, basi tena. Ukikwama, muulize kwanza dada wa dirisha la pili, ndiye aliyeteuliwa kwa idara yetu. Akishindwa yeye, dawati la msaada, namba yao ya ndani iko juu ya printa. Wapelekee picha ya skrini na namba ya hati, maana ukisema tu “imegoma” wanakurudisha mwanzo.

Haya, daftari. Ijumaa ya wiki ijayo saa kumi jioni tunafunga leja, Jumamosi tunahesabu, Jumatatu mfumo unaanza na salio hilo. Vitu ulivyoazimisha kwa maneno tu vimo humo kwenye daftari lako peke yake, na hatutavikuta rafuni. Visipoandikwa kabla ya Ijumaa vitahesabiwa kuwa vimepotea. Na kwenye kurasa zako, nakujua, umeandika “karatasi 4”. Nne nini?

Daftari liko nyumbani au kwenye droo yako? Funguo ya droo anayo nani? Ile projekta ilisharudi? Jumanne mtoto utamwachia nani? Nijibu hata usiku.

Ni mimi, mwenzio wa stoo