Hotuba ya Jumamosi, soma kabla hujaja

Asalaam aleikum jamaani, maonyesho yetu ya abakasi na vifaa vya kuhesabia hapa Lamu yanafunguliwa Jumamosi baada ya alasiri, hotuba nimeikata iwe fupi maana watu wanataka kushika vitu sio kusikiza maneno.

Naanza na ile sorobani, yaani abakasi ya Kijapani, kila kijiti kina ushanga mmoja juu ya upau, huo ni 5, na nne chini, kila mmoja 1, na zinazohesabiwa ni zilizosogezwa zikagusa upau tu. Sasa 8 + 7. 8 ni ule wa juu na tatu za chini, nafasi ya 7 hapo haipo, basi unaweka 10, yaani ushanga mmoja kijiti cha kushoto, halafu unatoa 3 kwa vile 7 ni 10 kasoro 3. Inabaki 15. Mtu akipata 18 ujue kasahau kutoa zile 3!

Kifaa chenyewe hakijumlishi, kinashika hesabu tu, kichwa chako ndo kinafanya kazi. Mashine ya kuhesabu ya Mfaransa Paskali, aliyoanza kuitengeneza 1642, ndo ilikuwa ikivusha moja kwenda kushoto yenyewe kwa magurudumu, hiyo tuna picha tu.

Nani atakaa na watoto mezani? Aniandikie leo.