Mashine inayopunja asubuhi tu: mapigo ya stepa, kuongeza kasi taratibu na hesabu ya mahali

Mwezi Juni tulipigiwa simu na mama mmoja anayekamua na kufunga mafuta ya alizeti pale Kizota, hapa Dodoma. "Fundi, hii mashine yenu nyie mafundi inanipunja asubuhi. Ikifika saa nne imetubu." Mashine haikuwa yetu, ilitengenezwa na fundi mwingine, lakini tulikwenda. Tumeamua kuandika tulichokikuta kwa sababu tangu hapo wateja watatu wametuletea tatizo lilelile, kila mmoja akidhani ni mota mbovu.

Mashine yenyewe ni rahisi. Kuna silinda yenye pistoni ya kipenyo cha milimita 80. Stepa ya NEMA 23, yaani mota inayozunguka hatua kwa hatua, inazungusha skrubu, skrubu inasukuma pistoni, mafuta yanaingia chupani. Kila mzunguko mmoja wa skrubu unasogeza pistoni milimita 5. Stepa ina hatua 200 kwa mzunguko, na draiva, kifaa kinachoilisha mota umeme, imewekwa kugawa kila hatua mara 8, kwa hiyo mzunguko mmoja unahitaji mapigo ya umeme 1,600. Ukigawa kwa 5 unapata mapigo 320 kwa milimita. Chupa ya mililita 500 inataka pistoni isogee milimita 99.5 hivi, yaani mapigo 31,831. Kidhibiti kidogo cha Arduino Uno kinatuma hayo mapigo kwenda kwenye draiva, kinayahesabu, kikimaliza kinageuza mwelekeo na kurudi kunyonya mafuta mapya hadi pistoni iguse swichi ya nyuma.

Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo wa Dodoma ukichoma masikio. Tuliweka chupa tupu kwenye mizani, tukaifanya isome sifuri, tukajaza. Mililita 500 za mafuta ya alizeti zina uzito wa gramu 460 hivi. Tukapata 453. Ya pili 452. Ya tatu 460 kamili, ya nne 453. Karibu kila mara mafuta yalipoanza kutoka, mota ilitoa mkoromo mfupi, kama mtu anayekohoa mara moja, kisha ikaendelea vizuri. Asiyeusikiliza kwa makusudi hausikii.

Kaunta kwenye skrini ilionyesha 31,831 kila mara. Watu wengi hujikwaa hapa. Kaunta inahesabu mapigo yaliyotumwa. Haijui kama mota iliyafuata. Stepa ya kawaida haina jicho la kujitazama. Unaiambia isogee, unaamini imesogea. Ikishindwa, kaunta inaendelea kuhesabu kwa raha zake.

Programu ya zamani ilikuwa na kosa la pili lililoficha hilo la kwanza. Pistoni ilipogusa swichi ya nyuma, kaunta ilifutwa kuwa sifuri papo hapo bila kuangalia ilikuwa inasoma ngapi. Ushahidi ulikuwa unatupwa kila baada ya sekunde kumi. Tulibadilisha mstari mmoja tu: kabla ya kufuta, chapisha namba. Pistoni ikirudi salama, namba hiyo iwe sifuri au karibu yake, mapigo mawili matatu huku au kule kwa sababu swichi nayo si malaika. Tulipata 514, 479, 2, 546, 511.

Zitazame hizo namba vizuri. Ziko jirani kabisa na 512, 480, 0, 544 na 512, na zote hizo zinagawanyika kwa 32. Hiyo si bahati. Rota ya stepa hii ina meno 50. Umeme ukimaliza duru moja kwenye koili, ambayo ni hatua kamili 4, rota inakuwa imesogea jino moja. Rota ikizidiwa na kuachwa nyuma, haiwezi kutulia katikati. Inajishika kwenye jino linalofuata nyuma, au la pili, au la kumi. Kwa hiyo hasara inakuja kwa mafungu ya hatua 4, na kwa kuwa kila hatua imegawanywa mara 8, fungu moja ni mapigo 32. Kwenye mashine hii fungu moja ni pistoni kupungukiwa milimita 0.1, karibu nusu mililita ya mafuta. Mapigo 512 ni mafungu 16, mililita 8, gramu 7 na ushei. Mizani na kaunta vikawa vinasema neno moja.

Hiki ndicho kipimo tunachokipenda kuliko vyote, na hakihitaji kifaa cha ziada. Salio, yaani namba ile inayobaki kwenye kaunta swichi inapoguswa, likija kwa mafungu ya 32, mota imezidiwa. Likiwa linakua kwa pigo moja moja kila mwelekeo unapogeuka, tatizo liko kwenye waya wa mwelekeo: programu inageuza mwelekeo na kutuma pigo bila kuipa draiva muda wa kujipanga, muda ambao karatasi ya draiva huutaja kwa mikrosekunde. Likiwa namba ya ovyo, leo 37, kesho 210, chukua kalamu, chora mstari unaovuka ekseli ya mota na kapulingi inayoiunga na skrubu, uendeshe mashine, kisha uangalie kama mistari bado inaungana. Skrubu ndogo za kapulingi hulegea kuliko watu wanavyofikiri. Hata alama ya salio ina maana. Hapa lilikuwa chanya, yaani pistoni iligusa swichi kabla hesabu haijaisha, maana yake haikufika mwisho ilipokuwa ikisukuma. Lingekuwa hasi, mapigo yangekuwa yamepotea wakati wa kunyonya.

Sasa, kwa nini asubuhi? Mafuta ya baridi ni mazito, yanakataa kupita kwenye nozeli. Lakini mzigo huo ungekuwa ndio sababu pekee, mota ingekwama katikati ya safari, siyo mwanzoni tu. Tulipofungua programu tukakuta pigo la kwanza na la pili vimepishana mikrosekunde 156, sawa na yote yaliyofuata. Yaani mota iliyosimama, na safu ya mafuta iliyosimama, viliamriwa kuruka moja kwa moja hadi mapigo 6,400 kwa sekunde, mizunguko 4 ya skrubu. Mchana mota ilimudu kwa kubahatisha. Asubuhi ilijikwaa meno kumi na kitu, ikajishika, ikaendelea. Huo ndio ule mkoromo.

Dawa ni kuanza na mapigo yaliyoachana, kisha kuyakaribisha taratibu, na mwishoni kuyaachanisha tena. Swali ni taratibu kiasi gani. Sisi hatukadirii. Tulikwenda asubuhi mbili za baridi, mafuta yakiwa ndani, tukapandisha kiwango cha kuongeza kasi hadi salio la mafungu ya 32 likatokea. Lilitokea kwenye 26,000, maana yake kila sekunde kasi inaongezeka kwa mapigo 26,000 kwa sekunde. Tukachukua chini ya nusu yake: 12,000. Kisha kwa kiwango hicho tukapandisha kasi ya juu. Mota ilianza kupoteza kwenye 10,500, tukaishia 7,200. Nafasi iliyobaki ni ya siku ambayo umeme utashuka kidogo au beringi zitachakaa.

Ili kupata muda kati ya mapigo, hatukokotoi kipeuo cha pili kwa kila pigo, Uno ingechoka. Kuna kanuni ya kujirudia inayojulikana sana kwa wanaofanya kazi hii:

```
c = 0.676 * f * sqrt(2.0 / a)   // muda wa kwanza
c = c - 2*c / (4*n + 1)         // kila pigo, n = 1, 2, 3...
```

Taima yetu inahesabu milioni moja kwa sekunde, basi `f` ni 1,000,000 na `a` ni 12,000. Muda wa kwanza unatoka mikrosekunde 8,727, unaofuata 5,236, kisha 4,072, hadi unafika 139, ambayo ndiyo kasi ya 7,200. Kuna mtego mmoja uliotukula siku nzima miaka ya nyuma. Ukitumia namba nzima tupu, inafika mahali `2*c` inakuwa ndogo kuliko `4*n + 1`, mgawanyo unatoa sifuri, na kasi inagoma kupanda. Kwa namba hizi inagoma kwenye mapigo elfu mbili na kitu kwa sekunde, na utaapa kwamba mota ni dhaifu. Hifadhi baki la mgawanyo ulijumlishe kwenye hesabu ya pigo linalofuata, au tumia namba za desimali kama kidhibiti chako kina nguvu.

Kupanda hadi 7,200 kunakula mapigo 2,160, na kushuka vilevile. Kwa hiyo programu inaangalia kitu kimoja tu: mapigo yaliyobaki yakiwa sawa na yale yaliyotumika kupanda, anza kushuka. Kanuni hiyohiyo inatosha hata kwa kijazo kidogo. Mililita 50 ni mapigo 3,183, hayatoshi kupanda na kushuka kikamilifu, basi mota inapanda hadi 6,180 hivi katikati ya safari na kuanza kushuka bila kufika kilele.

Mama alikuwa na hofu moja tu, kwamba mashine itakuwa ya kobe. Zamani kusukuma chupa moja kulichukua sekunde 4.97. Sasa ni 5.02.

Kisa kidogo cha kaunta kabla sijasahau. Kabla ya kutuita, kijana wake alijaribu kufidia upungufu kwa kuweka 520 badala ya 500. Pistoni ikarudi nyuma badala ya kwenda mbele, wakakimbia kuzima umeme. Programu ilihifadhi mahali kwenye `int`, aina ya namba nzima ambayo kwenye Uno inaishia 32,767. Mililita 520 ni mapigo 33,104, namba ikapinduka ikawa hasi, na mashine ikatii. Tumeiweka kwenye `long`, inayobeba namba kubwa zaidi, na kwa kuwa Uno inasoma `long` kwa vipande vinne, tunazuia taima kwa kitambo kidogo wakati wa kuisoma ili isibadilike katikati.

Kufidia kwa kuongeza ujazo ni kosa hata kama namba ingetosha, kwa sababu chupa iliyojikwaa na isiyojikwaa zote zinaongezewa sawa. Wakala wa Vipimo hawapimi wastani wa moyo wako mwema.

Siku hizi mashine ile inapima salio kila chupa. Likizidi mapigo 16 inasimama, taa nyekundu inawaka, chupa ile inawekwa pembeni. Kama mafuta ni mazito kiasi kwamba hata kasi ya 7,200 ni nyingi katikati ya safari, ramani ya kupanda taratibu haitasaidia. Hapo ni kupunguza kasi ya juu, kuweka mota yenye nguvu zaidi, au kuweka enkoda ya kuona ekseli yenyewe, na enkoda tunaishauri mwisho kwa sababu ya bei.

Ukitaka tuje, tutumie picha ya draiva inayoonyesha vijiswichi vya kugawa hatua, kipimo cha skrubu yako, na saa ambayo tatizo hutokea. Kama ni asubuhi, tutakuja asubuhi.