Vibakuli chini ya miguu ya kitanda

Mikindani

Shoga yangu,

Salamu za huku ni njema. Nimesikitika kusikia mmepuliza dawa ya kunguni mara mbili na mtoto bado anaamka na mapele. Kabla hamjapuliza tena, angalieni kitanda chenu kinagusana na nini.

Mie yalinikuta baada ya wageni wa msimu wa korosho kuondoka. Nilinunua vibakuli vya plastiki, vinne vipana na vinne vidogo, nikakigandisha kila kidogo katikati ya kipana. Mguu wa kitanda unakaa ndani ya kile kidogo. Kipana nilikizungushia kwa nje utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi, kunguni apate pa kukanyaga apande. Kuta za ndani, na kile kidogo chote, nilizipaka poda ya mtoto ili asiweze kutoka. Anayetoka sakafuni huangukia kwenye nafasi ya nje, anayeshuka kitandani hukwama kwenye kibakuli kidogo.

Juma la kwanza nilikuta saba kwenye vidogo na watatu tu nje. Kumbe walikuwa wamejificha kitandani kwenyewe! Tulikifungua, tukamwagia maji yanayochemka kwenye viungo vyote, tukafua mashuka kwa maji moto na kuanika godoro juani. Vibakuli havikuonyesha kitu tena, lakini tuliendelea kung'atwa. Hapo ndipo nilipoumia kichwa, maana vibakuli vitupu nilidhani ni habari njema.

Jibu lilikuwa chandarua. Pindo lake lilikuwa linaburura sakafuni, na kamba yake nimeifunga kwenye msumari wa ukutani, karibu na ufa wa chokaa. Pazia nalo, upepo wa bahari ukivuma, lilikuwa linalala juu ya mto. Kunguni walikuwa na njia tatu zisizopita kwenye vibakuli.

Basi tulisogeza kitanda shubiri moja kutoka ukutani. Pazia tulilifupisha lisiguse kitanda. Chandarua msikiache, malaria ipo. Sisi tulifunga fito nne kwenye kitanda chenyewe, tukakitundika hapo na kuchomeka pindo chini ya godoro. Shuka lisining'inie, wala begi lisikae chini ya kitanda. Juma lililofuata nilikuta watano kwenye nafasi ya nje, na mapele yakaisha.

Ila jambo moja: kunguni wa nchi zetu za joto hupanda plastiki inayoteleza kwa urahisi zaidi kuliko wale wa nchi za baridi. Poda ikishika unyevu wa pwani ikaganda, anatoka. Futa na upake upya kila juma. Na msihamie kulala sebuleni, watawafuata. Dawa iendelee kwenye nyufa, kwani mayai huanguliwa baada ya juma moja hivi, na vibakuli haviwaui kunguni, vinawanasa tu.

Nimebaki na vibakuli vingine vinne vipana. Pima upana wa miguu ya kitanda chako uniambie, nikipata mtu anayekuja Lindi nimpe.

Shogayo