Wifi, ile picha ya saluni sikuiweka kwa ubaya

Wifi yangu,

Tangu harusi ile hujapokea simu yangu. Kaka kasema nikuache, hasira zitashuka zenyewe. Nimeshindwa, ndiyo maana naandika hapa unapopita kila siku.

Nilikaa kwenye kiti chako saa mbili asubuhi. Ukanisogeza pembeni umalize mama wa bibi harusi, rola zile, kisha draya, saa mbili zikakatika. Sikunung'unika, maana mama wa bibi harusi hasubirishwi. Halafu ukaanza kichwa changu. Rasta nyembamba kama zile ni mia na ishirini hivi, na moja inakula dakika nne kwa mkono wako usiolipua kazi. Piga hesabu: saa nane za kusuka tu, kabla ya kuchovya ncha kwenye maji ya moto. Niliyajua hayo nikija.

Saa nane mchana nikajitazama kwenye kioo. Kulia rasta zimelala, kushoto nywele zimesimama. Nikapiga picha, nikaandika: "Upande wa kulia umeshafika harusini. Wa kushoto bado uko Mikindani, unasubiri gari."

Soma tena taratibu. Anayechekwa ni nani? Ni nywele zangu, ziko njiani na zitafika. Kwanza nilikuwa nimeandika "msusi wetu kalala", nikafuta, kwa sababu hapo lawama ingekuangukia wewe, na mteja anayesoma angekwenda kwingine. Picha ya kusubiri, wifi, isimguse anayefanya kazi. Icheke saa, icheke kichwa, lakini mkono wa msusi uachwe. Nakueleza ujue kwamba nilifikiri.

Wale wawili kwenye benchi wakaiona stetasi, wakacheka. Ukaniomba simu. Ukasoma, ukailaza kifudifudi karibu na kopo la jeli, ukarudi kusuka bila neno. Kimya kile sikisahau. Ungenitukana ningejua pa kujibia.

Na upande wa kushoto ukabana, wifi. Wa kulia niliukuna kwa kidole. Wa kushoto nyusi zilipanda, na usiku vipele vyeupe vikatoka kwenye mizizi ya mbele. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa hiyo ni dalili ya nywele kung'olewa, na kwamba mtu akivumilia kila mara, pale mbele hapaoti tena. Nilifumua sita gizani, nikazifunika kwa kilemba, nikaenda kucheza kwenye harusi ya ndugu yako. Sikumwambia mtu. Leo nimesema, basi.

Labda ulichoka tu. Ulikuwa umesimama tangu alfajiri, hata chai ulikunywa ukiwa na kitana mkononi. Niliona, na ningekuletea chakula badala ya kushika simu.

Picha nimeifuta kwenye stetasi, kwenye simu ninayo. Idi inakaribia. Nimenunua pakiti sita za rasta, namba moja, zipo kwenye mfuko mweusi juu ya kabati. Kichwa sijampa mtu mwingine.