Umevuna nusu ya vifaranga ulivyopandikiza? Rudia hesabu kabla hujasema umepunjwa

Kila msimu wa kuvuna simu huwa zile zile: "Mlinihesabia 2,000, nimevuna 1,000 na kidogo. Vingine viko wapi?" Sisi tunaozalisha vifaranga vya sato lawama hii inatuumiza, kwa sababu vifaranga vyetu vinahesabiwa kwa mkono, mbele ya mteja, na bei yetu iko juu ya wale wanaochota kwa kikombe kwa sababu hiyo hiyo. Kikombe cha vifaranga vidogo hubeba vingi kuliko kikombe cha vifaranga vikubwa, na kwenye beseni moja wamo wote. Basi mteja akilalamika, tunamwomba alete daftari lake. Daftari la bwawa likiandikwa vizuri, namba zake zinashikana, na ile isiyoshikana na wenzake ndiyo yenye kasoro.

Chukua hesabu ya mzee mmoja wa Mkuranga. Bwawa lake lina mita za mraba 400, alipandikiza vifaranga 2,000 vyenye wastani wa gramu 5, yaani kilo 10 kwa jumla. Baada ya miezi saba alivuna kilo 412. Kwenye daftari aliandika samaki 1,084, walioishi asilimia 54. Alikuja na hasira, na kwa namba hizo mtu yeyote angekuwa na hasira.

Swali letu la kwanza lilikuwa fupi: hao 1,084 ulihesabu mmoja mmoja? Hakuhesabu. Mnunuzi alikuwa anasubiri na barafu inayeyuka, kwa hiyo walipima kreti kwa kilo tu. Kisha alichukua samaki 15, akapata kilo 5.7, sawa na gramu 380 kila mmoja, akagawa 412 kwa 0.38. Mgawanyo wenyewe hauna kosa. Tatizo ni hao 15. Walitoka juu ya kreti, na mkono wa mfugaji aliyengoja miezi saba hauendi kwa samaki mdogo. Wastani ukipanda kwa kuchagua, idadi inashuka, na asilimia ya walioishi inashuka nayo. Samaki hawajapotea bwawani, wamepotea kwenye kugawa.

Namba ya gramu 380 ilikuwa na mpinzani ndani ya daftari lile lile. Kijana wake wa bwawa alikuwa amepima sampuli siku 14 kabla ya kuvuna, akaandika wastani wa gramu 210. Kutoka 210 hadi 380 ni gramu 170 kwa siku 14, zaidi ya gramu 12 kwa siku. Sato wa bwawani akilishwa vizuri huongeza gramu moja hadi mbili na nusu hivi kwa siku. Gramu 12 hakuna. Bahati nzuri mnunuzi alikuwa bado na kreti tatu ambazo hazijachambuliwa. Tulihesabu samaki 182 na mizani ikasoma kilo 44, wastani gramu 242. Hapo ukuaji unakaa sawa, gramu mbili na ushei kwa siku. Gawa 412 kwa 0.242, unapata samaki 1,702. Walioishi ni asilimia 85, na kwa bwawa la wazi lenye ndege hiyo ni kazi nzuri.

Mzee hakukubali upesi. Akasema huenda tulimpelekea pungufu, au walikufa, au waliibwa usiku. Maswali ya haki, na hapo ndipo chakula kinapotoa ushahidi. Alinunua mifuko 32 ya kilo 20, kilo 640. Wengi wanaishia kwenye risiti, lakini sisi tunafungua stoo: tulikuta kilo 30 hazijatumika, kwa hiyo kilicholiwa ni kilo 610. Uzito ulioongezeka ni 412 toa 10, kilo 402. Gawa 610 kwa 402, uwiano wa chakula ni 1.5, yaani kilo moja na nusu ya chakula kwa kila kilo ya samaki. Kwa chakula cha kuelea cha kiwandani hapo ni pazuri.

Sasa tuseme samaki 900 walikufa au kuibwa wakiwa na gramu 150. Hao ni kilo 135 za nyama ambazo hazikufika kwenye mizani, na zingekuwa zimekula kilo 200 hivi za chakula. Waliobaki wangekuwa wameongeza kilo 402 kwa kilo 410 tu, uwiano wa karibu moja kwa moja. Unaweza kuuona kwenye bwawa lililorutubishwa kwa samadi hadi maji yakawa kijani, ambapo sato hupata chakula cha asili. Bwawa lake halikutiwa samadi. Wizi mkubwa wa mwishoni tukauondoa.

Lakini uwiano wa chakula hauoni vifo vya wiki ya kwanza. Kifaranga anayekufa siku ya tatu hajala kitu cha kuonekana kwenye hesabu, na wengi huzama bila kuelea. Hata upungufu wakati wa kupokea hauonekani hapo. Ndiyo maana tukileta vifaranga tunatenga 100 kwenye kijumba cha neti ndani ya bwawa lako, tunawahesabu tena baada ya siku mbili. Wateja wengi wanaikataa hatua hii kwa sababu ina gharama ya kurudi. Mzee huyu aliilipia. Walikutwa 97, na imeandikwa.

Hasara kubwa ya ile namba 54 ilikuwa bado inakuja. Alikuwa ameshapanga msimu ujao apandikize vifaranga 3,700, tena vya bei rahisi, ili "wapone 2,000". Kwa vifo vyake vya kweli angebaki na samaki zaidi ya 3,100, karibu wanane kwa kila mita ya mraba, bila mashine ya hewa. Alfajiri ungewaona wote juu wakipiga midomo, na wale ambao hawakufa wangedumaa.

Njia ya mkato inayoharibu madaftari mengi ni sampuli. Watu hutupa chakula, samaki wakija wanawachota. Wanaofika kwanza ni wakubwa, wadogo husukumwa pembeni. Vuta kokoro asubuhi kabla ya kulisha, pande tofauti za bwawa, chota bila kuchagua, samaki 50 hadi 100. Pima ndoo nzima, toa uzito wa ndoo na maji, gawa kwa idadi. Siku ya kuvuna fanya hivyo kwa kreti chache, na uziache zichuruzike kwanza, maana maji nayo yana kilo.

Vitoto tenga peke yao. Mama mmoja wa Kibaha alituletea walioishi asilimia 118. Alikuwa amenunua kwingine vifaranga vya jinsia mchanganyiko, wakazaliana, naye akahesabu watoto pamoja na wazazi.

Ukitaka tukukagulie, njoo na daftari la kulisha, sampuli za kila mwezi, risiti za chakula na uzito wa kila kreti. Kukagua tunatoza, kwa sababu tunakuja na mizani yetu na tunafungua stoo. Tukikuta upungufu ni wetu, tunaleta vifaranga na ada yako tunairudisha. Tupigie kabla mnunuzi hajabeba kreti ya mwisho.