Sura haitoshi kumtambua mtoto aliyedhuriwa na pombe tumboni

Mhariri,

Barua mliyochapa kuhusu watoto waliodhurika na pombe wakiwa tumboni niliisoma kwa furaha mpaka nilipofika aya ya mwisho. Mwandishi alisema watoto hao hujulikana kwa sura: tundu za macho fupi, mdomo wa juu mwembamba, na kile kijifereji cha chini ya pua hakionekani. Asiyekuwa na alama hizo, akasema, ni mtundu tu na dawa yake inajulikana. Nafundisha darasa la tatu huku Njombe, huu mwaka wa kumi na tisa. Hiyo dawa inayojulikana nimeishika mkononi mwenyewe, nikamchapa nayo mtoto ambaye hakustahili hata kiboko kimoja.

Alama alizozitaja ni za kweli. Daktari Paul Lemoine aliziandika huko Nantes, Ufaransa, mwaka 1968, na mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakazieleza tena na kuupa ugonjwa jina. Kosa ni kudhani kwamba pasipo alama hakuna dhara. Uso wa binadamu huchorewa ramani mapema sana, karibu na wiki ya tatu tangu mimba kutungwa. Majaribio ya panya yameonyesha kwamba pombe nyingi ikipita katika zile siku chache, sura ndiyo inayoharibika namna hii. Mama aliyeepuka siku hizo kwa bahati, akaja kunywa mwezi wa tatu au wa sita, anaweza kuzaa mtoto mwenye uso kama wa wenzake. Ubongo wenyewe hujengwa miezi yote tisa, kwa hiyo hauna siku ya kujificha. Ndiyo maana watoto wengi waliodhurika hawana hiyo sura.

Kondo la nyuma halichuji pombe. Kiwango kilicho katika damu ya mama hufika kwa mtoto muda mfupi baadaye, naye ini lake bado halijaweza kuivunja. Sehemu yake hutoka kwa mkojo, ikabaki kwenye maji ya uzazi anamoogelea, akayameza tena. Mama analevuka, mtoto bado yumo.

Katika ubongo huo pombe hufanya zaidi ya jambo moja. Hupotosha chembe ambazo zilikuwa zikisafiri kwenda mahali pake, na hudhoofisha lile fungu la nyuzi linalounganisha nusu ya kulia na ya kushoto. Ila jambo lililonishangaza zaidi ni la miezi ya mwisho. Wakati huo chembe za ubongo hupelekeana ujumbe bila kukoma, na chembe isiyopata ujumbe hujihesabu kuwa haina kazi, ikajiua yenyewe. Pombe huzima mazungumzo hayo. Watafiti waliowapa pombe vitoto vya panya vyenye ubongo wa umri unaolingana na miezi hiyo, mwaka 2000, waliona chembe nyingi mno zimejiua kwa namna hii, ingawa hakuna kitu kilichozikata wala kuzichoma. Zilinyamaziwa tu.

Sasa nirudi darasani. Mtoto huyo nitamwita Tito, ambalo silo jina lake. Alikuwa msemaji hodari, anayesalimia wakubwa vizuri na kusimulia kama mzee wa kijiwe, na maneno hayo mazuri ndiyo yaliyonipumbaza. Jumatatu nilimfundisha kutoa kwa kukopa. Arobaini na mbili toa kumi na saba: akakopa, akapata ishirini na tano, na nyingine nne za aina hiyo akazipata zote. Alhamisi nikampa ileile, akaandika thelathini na tano. Alikuwa ameona mbili na saba, akatoa kidogo kwenye kikubwa bila kujali kipi kiko juu. Nikasema huyu ananichezea, kwa sababu juzi alijua.

Siku nyingine nikamtuma: chukua ndoo, kachote maji, mwagilia maua ya mbele ya ofisi, kisha umrudishie mwalimu wa zamu ndoo yake. Baada ya nusu saa nikamkuta bombani, maji yanafurika, anapiga soga na watoto wa darasa la kwanza. Maua makavu. Nikamuuliza, akanitazama machoni akasema maua ameshayamwagilia na mwalimu wa zamu amemshukuru. Nilimchapa kwa uvivu, nikamchapa na kwa uongo. Kesho yake asubuhi alinikimbilia kunipokea mkoba, hana kinyongo, na kabla ya mapumziko akarudia kosa lilelile.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Mtoto mkaidi hukumbuka fimbo. Atajificha, atakuchukia, atatafuta njia ya ujanja zaidi. Huyu fimbo ilimuuma na kupita. Ili adhabu ifanye kazi, lazima mtoto aunganishe alilofanya jana na maumivu ya leo na uamuzi wa kesho, na uunganishaji huo ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, mojawapo ya sehemu ambazo pombe huziumiza. Na ule uongo? Siku hizi siuiti uongo. Kumbukumbu yake ina matundu, naye huyaziba kwa kile ambacho kwa kawaida hutokea. Maua humwagiliwa, walimu hushukuru, basi ndivyo ilivyokuwa.

Mwalimu wa elimu maalumu kutoka kata jirani alikuja, akafanya jaribio dogo ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifanya. Alimsomea namba polepole: nne, tisa, mbili, saba. Tito akazirudia zote. Akamwambia sasa azitaje kuanzia mwisho. Akapotea. Akapunguziwa zikawa tatu, akapotea vilevile. Yaani kichwa chake kilipokea vizuri, ila hakikuweza kushika kitu huku kikikifanyia kazi. Angalia tena arobaini na mbili toa kumi na saba: lazima ukope kumi, ujue mbili imekuwa kumi na mbili, utoe saba, na wakati wote huo ukumbuke kwamba ile nne si nne tena, ni tatu. Na mambo manne ya ndoo ni mzigo huohuo. Ndiyo sababu hesabu huwasumbua watoto hawa kuliko kusoma, na ndiyo sababu wengi wao huonekana werevu mezani nyumbani na wajinga ubaoni.

Jaribio la namba halithibitishi pombe, nisieleweke vibaya. Mtoto aliyepata malaria kali ya kichwani, aliyechelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, asiyesikia vizuri au anayekuja shule na njaa anaweza kushindwa namna hiyo. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayotoa jibu moja. Kwa mtoto asiye na ile sura, mwongozo wa madaktari wa Kanada wa mwaka 2016 unataka upungufu mkubwa katika maeneo matatu au zaidi ya kazi za ubongo, pamoja na uhakika kwamba mama alikunywa. Tito alipelekwa hospitali, masikio na macho yakakutwa mazima. Yaliyobaki alikuwa nayo mama yake.

Mwalimu mwenzangu, mwanamke, ndiye aliyezungumza naye, faraghani. Mama hakuficha kitu kwa sababu hakujua kuna cha kuficha. Mimba iliingia msimu wa ulanzi, walipokuwa wakilimiana mashamba kwa zamu, na mwenye shamba huwalipa waliomsaidia kwa pombe. Siku za kazi alikunywa lita moja, pengine mbili, mpaka mimba ya miezi mitano. Kliniki alihudhuria, dawa za kuongeza damu alimeza zote. Alipoulizwa kama anakunywa pombe alijibu hapana, na kwa akili yake alisema kweli: pombe ni bia na konyagi, ulanzi ni kinywaji cha nyumbani.

Hebu tupige hesabu. Ulanzi uliokwisha kuchacha, mkangafu, una kileo cha karibu asilimia 5, unazidi au kupungua kulingana na siku zake. Lita moja basi ina mililita 50 za kileo kitupu, ambazo ni kama gramu 40. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia hiyohiyo ina gramu 20. Kwa hiyo lita moja ni bia mbili, na lita mbili alizokunywa mchana mmoja ni nne. Kunywa nyingi kwa mkupuo ndiko kunakopandisha kiwango cha damu juu zaidi, na kiwango hicho cha juu ndicho kinachotisha kuliko jumla ya wiki. Hakuna kipimo ambacho madaktari wamekihakikisha kuwa salama kwa mjamzito.

Habari ya kulipwa pombe ilinikumbusha Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, ambako vibarua wa mashamba ya mizabibu walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo kwa vizazi vingi. Utaratibu ulipigwa marufuku lakini unywaji ulikuwa umeshazoeleka, na Afrika Kusini ndiyo nchi yenye makadirio makubwa kuliko zote duniani: watoto kama 111 katika kila 1,000, wakati wastani wa dunia ni karibu 8. Takwimu hizo zilitolewa mwaka 2017. Siwezi kumtazama mama wa Tito kama mkosaji pekee wakati kijiji kizima ndicho kilichomjazia kopo.

Nilichobadilisha darasani ni kidogo. Tito nilimtuma jambo moja, akirudi namtuma la pili. Ukutani nimechora mstari wa namba uliosimama wima, sifuri chini, hamsini juu. Nimeuiga kwa watafiti wa Atlanta, Marekani, wanaowafundisha watoto kama hawa hesabu kwa mstari wa namna hiyo, ili kupanda kuwe kuongezeka na macho yasaidie pale kumbukumbu inapodondoka. Kabla ya kuandika alisema kwa sauti atakachofanya, akakifanya, halafu akakagua. Namba aliyokopa aliikata na kuandika mpya juu yake, hata kwenye mtihani, na mwalimu mkuu alikubali asinyang'anywe maksi kwa uchafu wa daftari.

Kliniki nazo, kama mna msomaji huko, ziache kuuliza wajawazito kama wanakunywa pombe. Waulize ulanzi makopo mangapi, siku zipi, na mara ya mwisho lini.

Tito sasa yuko darasa la tano. Kutoa kwa kukopa anaweza, akiwa na karatasi na asiharakishwe. Chenji bado haiwezi, kwa hiyo mama yake humtuma dukani na hela kamili, kitu kimoja kwa safari moja, na mwenye duka ameshazoea kumwona akirudi mara tatu asubuhi moja.

Mwalimu wa shule ya msingi, Njombe
(Jina limehifadhiwa)